Azimio la Kazi la Muhula: Namna Mada za Muhtasari Zinavyopangwa Pamoja na Wiki za Marudio na Upimaji

Azimio la kazi ni mpango wa maandishi unaoonesha mwalimu atafundisha nini, katika wiki ipi, kwa vipindi vingapi, na atapima lini kama wanafunzi wameelewa. Huandaliwa kabla ya muhula kuanza, hupitiwa na mwalimu wa taaluma na kusainiwa na mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Andalio la somo la kila siku hutoka ndani yake, na ndilo mthibiti ubora wa shule analolinganisha na daftari la mwanafunzi anapotaka kujua ufundishaji umefikia wapi.

Muhtasari wa somo, unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ni mmoja kwa nchi nzima. Unaeleza kinachopaswa kufundishwa katika mwaka na kupendekeza idadi ya vipindi kwa kila sehemu. Haujui kwamba katika shule fulani ya Kibondo wanafunzi wanaotoka ng'ambo ya mto huchelewa mvua zikizidi, wala kwamba Mei Mosi imeangukia siku ambayo somo lina kipindi. Kazi ya kuuoanisha muhtasari na mazingira ya shule ni ya mwalimu wa somo, na azimio la kazi ndipo inapofanyika.

Makala haya yanaeleza hatua za kazi hiyo kwa kutumia mfano wa somo la Hisabati, Darasa la Tano, muhula wa kwanza, katika shule ya msingi ya mfano iliyoko kwenye nyanda za juu za Kigoma, kati ya Kasulu na Kibondo. Idadi ya vipindi iliyotumika ni ya kuelekeza tu. Mwalimu atachukua idadi halisi kutoka katika muhtasari unaotumika katika darasa lake.

Kutambua muhtasari unaotumika

Hatua hii ni fupi, lakini ikikosewa kila kinachofuata huharibika. Utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023 ulianza Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu na Kidato cha Kwanza cha mkondo wa amali, kisha ukaendelea kupanda darasa baada ya darasa. Kwa sababu hiyo, shule moja inaweza kuwa na madarasa yanayofuata mihtasari ya matoleo mawili kwa wakati mmoja. Mwalimu anayefundisha madarasa mawili hawezi kunakili safu za azimio la darasa moja na kuzihamishia katika lingine.

Tofauti huonekana katika vichwa vya safu. Katika mihtasari ya sasa mpango huanzia kwenye umahiri mkuu, ukafuatiwa na umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji, ilhali mihtasari ya miaka ya nyuma iliwazoesha walimu wengi mada kuu na mada ndogo. Safu nyingine zimebaki zilezile kwa maana: mwezi, wiki, idadi ya vipindi, mbinu, zana, rejea, upimaji na maoni. Katika makala haya neno "mada" limetumika kwa maana ya jumla ya fungu la maarifa linalofundishwa kwa pamoja.

Shule zinazohudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, zimekuwa zikifuata mitaala ya nchi wanakotoka wakimbizi, hivyo mihtasari inayozungumziwa hapa haizihusu.

Kuhesabu vipindi vilivyopo kweli

Makosa mengi katika maazimio ya kazi hutokana na mwalimu kuanza na mada kabla ya kuhesabu muda. Kalenda ya mihula inayotolewa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Idadi hiyo huonekana kubwa hadi inapotafsiriwa kuwa vipindi vya somo moja na kuondolewa siku ambazo hazitatumika kufundisha jambo jipya.

Tuchukulie kwamba shule ya mfano ina muhula wenye wiki 20 tangu kufungua hadi kufunga, na ratiba inalipa somo la Hisabati vipindi vitano kwa wiki, kimoja kila siku, kila kimoja kikiwa na dakika 40. Kwa hesabu ya haraka hivyo ni vipindi 100. Wiki ya 12 ni likizo fupi, kwa hiyo vinabaki 95. Wiki ya kwanza hutumika kuandikisha waliohamia, kugawa vitabu na kutoa jaribio la kubaini wanafunzi wanakumbuka nini kutoka Darasa la Nne, vinabaki 90. Wiki ya 10 ni ya marudio na ya 11 ni ya jaribio la nusu muhula, vinabaki 80. Wiki tatu za mwisho ni za marudio, mtihani, na kusahihisha pamoja na kufunga shule, vinabaki 65. Wanafunzi wakirudi kutoka likizo fupi huhitaji vipindi viwili vya kurudishiwa karatasi zao na kufanya masahihisho; vinabaki 63.

Kisha zinaondolewa sikukuu. Katika mfano huu Jumatatu ya Pasaka, siku mbili za Idi el Fitri, Siku ya Muungano na Mei Mosi zote zimeangukia siku za kazi baada ya likizo fupi. Hivyo vipindi vitano vinatoka na kubaki 58. Sikukuu za Kiislamu hufuata mwezi mwandamo na kusogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo azimio la mwaka jana halisaidii hapa. Hata sikukuu zenye tarehe isiyobadilika hubadilisha siku ya wiki: tarehe 7 Aprili 2024 ilikuwa Jumapili na Siku ya Karume haikula kipindi chochote, lakini mwaka huohuo Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari, na Muungano, tarehe 26 Aprili, zote ziliangukia Ijumaa. Somo lenye vipindi viwili tu kwa wiki, kimoja kikiwa Ijumaa, liliumia kuliko lile lenye vipindi Jumatatu na Jumanne, ingawa kwenye ratiba yote mawili yalionekana kuwa na muda sawa.

Hatimaye inawekwa akiba. Muhula wa kwanza katika nyanda za Kasulu na Kibondo sehemu yake kubwa huwa ndani ya msimu wa mvua, na Februari na Machi kaya nyingi huwa na kazi ya maharage mashambani. Mahudhurio huyumba, na siku ambayo theluthi ya darasa haipo si siku nzuri ya kuanzisha dhana mpya. Akiba ya vipindi vinne kwa muhula ni ya kiasi, na mwalimu mzoefu wa eneo lake anaweza kuona inahitajika zaidi. Katika mfano huu vinabaki vipindi 54 vya kufundisha mambo mapya.

Kutoka 100 hadi 54 ni pengo ambalo mwalimu hupaswa kulijua mwezi Januari. Asipolijua wakati huo, atalikuta mwezi Mei, mada mbili zikiwa hazijaguswa na mtihani ukiwa wiki inayofuata.

Mada zinapozidi muda

Tuseme mada zilizopangwa kwa muhula huo ni tano: namba nzima vipindi 12, sehemu vipindi 18, desimali vipindi 12, asilimia vipindi 10, na vipimo vya urefu na uzito vipindi 10. Jumla ni 62. Vilivyopo ni 54. Vipindi vinane vinapaswa kupatikana mahali.

Njia rahisi, na ambayo mara nyingi huchaguliwa, ni kupunguza kidogo kila mada ili wote "waumie sawa". Katika Hisabati njia hiyo ni mbaya kwa sababu mada hazina uzito sawa. Desimali ni sehemu ambazo asili yake ni 10, 100 au 1,000, na asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni 100. Mwanafunzi ambaye hakuelewa sehemu atazikuta desimali na asilimia kama kanuni mbili ngeni za kukariri. Kupunguza vipindi vya sehemu kutoka 18 hadi 15 ni sawa na kupunguza mada tatu kwa pamoja. Kwa hiyo vipindi 18 vinaachwa kama vilivyo, na punguzo linatafutwa kwingine.

Punguzo la kwanza linatoka katika namba nzima. Sehemu kubwa ya mada hii ni mwendelezo wa Darasa la Nne, na jaribio la wiki ya kwanza linaonesha kilichobaki vichwani. Ikiwa wanafunzi wengi wanasoma na kuandika namba kubwa bila shida, vipindi vitatu vinaweza kuondolewa na kubaki tisa. Lipo jambo moja lisilopaswa kuguswa humo ndani, nalo ni vigawo na vigawe, hasa kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika. Mwanafunzi hawezi kujumlisha nusu na theluthi bila kupata 6 kama asili ya pamoja, na hiyo 6 ni kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3. Mwalimu anayefuta vigawe ili kuokoa muda wa wiki ya tatu atalazimika kuvifundisha wiki ya tano, katikati ya sehemu, akiwa na haraka.

Punguzo la pili linatokana na kubadili mfuatano. Vipimo vya urefu na uzito vikiwekwa mbali na desimali, mwalimu hulazimika kueleza upya kuzidisha na kugawanya kwa 10, 100 na 1,000. Vikiwekwa mara baada ya desimali, kubadili mita 3.25 kuwa sentimita 325 au gramu 750 kuwa kilo 0.75 huwa ni zoezi la desimali lenye vitu halisi. Mfuatano huo unaokoa vipindi vitatu, na vipimo vinabaki na saba. Unaleta faida nyingine pia: likizo fupi inakaa kati ya desimali na vipimo, hivyo wanafunzi wanaporudi wanakutana tena na desimali kwa sura mpya badala ya kuanza jambo lisilohusiana nazo.

Vipindi viwili vilivyobaki vinatoka katika asilimia. Kugeuza sehemu na desimali kuwa asilimia kunabaki muhula wa kwanza, na vipindi viwili vya mafumbo ya asilimia katika manunuzi vinahamishiwa muhula wa pili. Uhamisho huo sharti uandikwe mara mbili: katika safu ya maoni ya muhula wa kwanza, na katika wiki ya kwanza ya kufundisha ya azimio la muhula wa pili. Ukiandikwa mahali pamoja tu, aghalabu hupotea.

Hesabu sasa inakamilika: namba nzima 9, sehemu 18, desimali 12, vipimo 7 na asilimia 8, jumla 54.

Kuhamisha mada kutoka nafasi yake katika muhtasari si kuuvunja muhtasari, ilimradi kila umahiri wa mwaka unafundishwa na mada inayotangulia kimantiki inabaki imetangulia. Mwalimu anayebadilisha mfuatano anapaswa kuangalia jambo moja kabla ya kuandika: kama shule za kata hufanya mtihani wa pamoja wa ujirani mwema, mada zitakazotahiniwa huwa zimekubaliwa na walimu wa somo wa shule zote. Mfuatano unaoeleweka ndani ya shule moja unaweza kuwaweka wanafunzi wake mbele ya maswali ambayo hawajafundishwa. Suala hilo humalizwa katika kikao cha walimu wa somo ngazi ya kata kabla ya shule kufunguliwa, kwa kuwa azimio likishasainiwa ni vigumu kulirekebisha bila kuvuruga wiki zote zinazofuata.

Kuweka mada katika wiki

Vipindi vya namba nzima vinaanza wiki ya pili na kuishia siku ya nne ya wiki ya tatu. Sehemu zinaanza siku ya mwisho ya wiki ya tatu, zinachukua wiki ya nne, ya tano na ya sita zote, na kumalizika siku ya pili ya wiki ya saba. Desimali zinafuata na kumalizika siku ya nne ya wiki ya tisa. Ijumaa ya wiki hiyo imeachwa wazi, nayo ni kipindi cha kwanza cha akiba.

Baada ya likizo fupi wiki huwa zimekatikakatika, na hapa ndipo azimio lililonakiliwa hushindwa. Wiki ya 13 inaanza na Jumatatu ya Pasaka, inafuatiwa na vipindi viwili vya masahihisho, na vinabaki viwili vya kuanza vipimo. Wiki ya 14 ina vipindi vitatu tu kwa sababu ya Idi. Vipimo vinaisha siku ya pili ya wiki ya 15 na asilimia zinaanza siku ya tatu. Wiki ya 16 ina vipindi vinne, na wiki ya 17, yenye Mei Mosi, ina vinne pia. Kimoja kati ya hivyo kinamaliza asilimia, na vitatu ndivyo akiba iliyobaki.

Akiba imewekwa kabla tu ya wiki za marudio kwa makusudi. Ikisambazwa kipindi kimoja kila wiki humezwa na mambo madogo pasipo mtu kutambua. Ikiwekwa mwishoni kabisa, baada ya mtihani, haina kazi. Inapokaa kabla ya marudio, mwalimu aliyechelewa kwa vipindi viwili huvilipa hapo, na marudio hubaki kuwa marudio. Ambaye hakuchelewa hutumia vipindi hivyo kwa mafumbo ya ziada.

Mada kubwa kama sehemu haifai kuandikwa kama mstari mmoja wenye "vipindi 18, wiki ya 3 hadi ya 7". Mstari wa namna hiyo hauwezi kumwambia mtu yeyote kama darasa limechelewa. Unagawanywa: sehemu zilizo sawa na kurahisisha, vipindi vinne, kujumlisha na kutoa zenye asili sawa, viwili, kujumlisha na kutoa zenye asili tofauti, vitano, kuzidisha, vitatu, kugawanya, viwili, na mafumbo, viwili. Asili tofauti zimepewa vipindi vingi kuliko vingine kwa sababu ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kosa lake linajulikana: mwanafunzi hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akaandika kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, na mwanafunzi anayeweza kuliona hilo mwenyewe, kwa kukunja vipande vya karatasi au kugawa vipande vya muwa, huwa ameshaelewa dhana. Anayekariri kanuni bila kuliona atalirudia kosa hilo baada ya wiki tatu.

Safu ya rejea iandikwe vitabu vilivyopo kabatini. Shule yenye kitabu kimoja kwa wanafunzi watatu au zaidi huhitaji muda wa kuandika mazoezi ubaoni, na muda huo unakula kipindi. Vivyo hivyo kwa zana: mizani ikiwa moja kwa shule nzima, wiki ya vipimo vya uzito ya Darasa la Tano isigongane na ya Darasa la Nne. Walimu wawili wakilinganisha maazimio yao kwa dakika chache hilo hutatuliwa.

Wiki za marudio na za upimaji

Wiki ya marudio isiyo na mpango huishia kuwa wiki ya wanafunzi kunakili maswali ya mitihani iliyopita. Katika azimio la mfano, vipindi vitano vya wiki ya 10 vimegawanywa kwa uwiano unaofanana na vipindi vilivyotumika kufundisha: kimoja kwa namba nzima, viwili kwa sehemu, kimoja kwa desimali, na kimoja kwa mafumbo yanayochanganya mada zote tatu. Kipindi hiki cha mwisho kina umuhimu wake, kwa kuwa katika mazoezi ya kila siku mwanafunzi hujua kanuni ya kutumia kwa kutazama tu kichwa cha mada ubaoni. Katika maswali mchanganyiko hana msaada huo.

Marudio hayakusubiri wiki ya 10 peke yake. Dakika tano za mwanzo wa kipindi cha kwanza cha kila wiki zinaweza kuwa za swali moja la mada iliyopita wiki mbili au tatu nyuma. Katika azimio hilo huandikwa kwa maneno machache ndani ya safu ya mbinu, wala halihitaji kipindi chake.

Jaribio la nusu muhula hutungwa kwa jedwali la kutahini linalotokana moja kwa moja na azimio. Mada zilizofundishwa ni namba nzima vipindi 9, sehemu 18 na desimali 12, jumla 39. Jaribio likiwa na maswali 20, namba nzima hupata maswali 5, sehemu 9 na desimali 6. Mwalimu asiyefanya hesabu hii hujikuta ametunga maswali mengi ya mada aliyoifundisha mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kumbukumbu yake, na matokeo yanayopatikana huonesha wanafunzi walivyoelewa desimali tu. Ndani ya fungu la sehemu, maswali nayo yafuate mgawanyo wa vipindi vitano vya asili tofauti dhidi ya viwili vya asili sawa.

Wastani wa darasa pekee hausemi mengi. Darasa lenye wastani wa alama 48 linaweza kuwa linajua kidogo kila kitu, au linajua namba nzima vizuri na halijui kabisa sehemu. Tofauti hiyo huonekana kwa kuorodhesha namba za maswali pembeni ya karatasi na kuweka alama kila mwanafunzi anapokosa. Kwa darasa la wanafunzi 70 kazi hiyo huongeza muda wa kusahihisha, lakini ndiyo inayoamua vipindi viwili vya masahihisho vya wiki ya 13 vitumike wapi. Swali lililokoswa na zaidi ya nusu ya darasa hufundishwa upya kwa njia tofauti na ile ya awali. Lililokoswa na wachache hushughulikiwa na hao wachache, wengine wakipewa zoezi.

Kipo kikomo kinachopaswa kukubaliwa. Ikiwa wiki ya 11 inaonesha darasa zima limekwama katika sehemu, vipindi viwili na akiba ya vitatu havitoshi kurekebisha hali hiyo. Hapo mwalimu huamua pamoja na mwalimu wa taaluma kusogeza asilimia zote nane hadi muhula wa pili na kutumia nafasi hiyo kurudia sehemu. Ni uamuzi mzito, kwa kuwa muhula wa pili nao una mzigo wake, lakini kufundisha asilimia kwa wanafunzi wasiojua sehemu hujaza safu za azimio tu. Uamuzi uandikwe na kusainiwa, ili mthibiti ubora akifika aone sababu.

Safu ya maoni

Safu hii ndiyo ya mwisho kwenye ukurasa, na katika maazimio mengi ndiyo yenye maneno machache kuliko zote: "Mada imefundishwa." Maneno hayo hayamsaidii mtu yeyote, kwa sababu tarehe iliyopita tayari inasema mada ilikuwa ifundishwe. Maoni yenye manufaa hutaja kilichotokea na kinachofuata. Kwa mfano: "Kipindi 1 kimeongezwa, wanafunzi wengi hawakuweza kutafuta kigawe kidogo cha shirika; kugawanya sehemu kumesogea hadi wiki ya 7; akiba ya wiki ya 9 imetumika." Sentensi hiyo moja inamweleza msomaji tatizo, athari yake na mahali muda ulipolipwa.

Anayenufaika zaidi na maandishi hayo huwa ni mwalimu mwingine. Wanachuo wa vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga wanapokwenda shuleni kwa mafunzo kwa vitendo hupokea darasa muhula ukiwa umeshaanza. Walimu huhama, huenda likizo ya uzazi, au huugua. Anayepokea kipindi siku ya pili hana namna ya kujua kwa haraka darasa limefika wapi ila kwa azimio, shajara ya somo na madaftari ya wanafunzi. Vitatu hivi vikitofautiana, madaftari ndiyo yanayoaminika.

Azimio lililonunuliwa katika duka la vifaa vya ofisi au kupokewa kwa simu kutoka mkoa mwingine hutambulika kwa dalili chache. Sikukuu zake ni za mwaka mwingine, wiki zote zina idadi sawa ya vipindi kana kwamba hakuna Pasaka wala Idi, rejea zinataja vitabu ambavyo shule haina, na wiki ya jaribio la nusu muhula hailingani na ile iliyopangwa na shule. Linaweza kutumika kama kielelezo cha safu. Hesabu ya vipindi ni lazima ifanywe upya kwa kalenda na ratiba ya shule husika.

Azimio la muhula wa pili la shule ya mfano linaanza na deni la vipindi viwili vya mafumbo ya asilimia. Vimewekwa wiki ya pili ya muhula, baada ya jaribio fupi la kuona kilichobaki kutoka muhula wa kwanza. Shule za Kasulu na Kibondo hufunguliwa tena wakati wa kiangazi, mahudhurio yakiwa afadhali kuliko Machi, hivyo akiba ya muhula huo inaweza kupunguzwa hadi vipindi viwili katika wiki za mwanzo na kuongezwa kuanzia Oktoba, mvua na kilimo vinaporejea.